Robo Nne za Shamba la Baba: Jinsi Mahakama Inavyogawa Ardhi Ndugu Mmoja Akikataa

Baba yetu alifariki mwaka wa 2008, akatuachia shamba la ekari 12.6 huko Taveta, sehemu yake ya chini ikipakana na mfereji wa maji na sehemu ya juu ikiwa kavu, ya kungoja mvua. Tulikuwa watoto wanne: kaka mkubwa, dada aliyemfuata, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Mama alikuwa ametangulia. Hatukuwa na ugomvi wowote wakati wa matanga, na hata tulipokwenda kufungua mirathi tulikwenda pamoja, ndani ya gari moja. Ugomvi ulianza siku mimi na dada tulipoomba kila mtu apewe sehemu yake ijulikane. Kaka alijibu kwa utulivu kabisa, na alilirudia jibu lile kwa miaka mingi: "Ardhi ya baba haikatwi. Anayetaka kulima, aje alime."

Naandika kwa sababu wengi wanaoniuliza habari ya kesi yetu huanza na swali lisilo la kwanza. Huuliza, "Mahakama inaweza kumlazimisha?" Jibu ni kwamba inaweza. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ardhi hiyo leo imeandikwa kwa jina la nani? Nimeona familia mbili za majirani zikipoteza miaka na ada za mawakili kwa kuomba mahakama igawe shamba kati ya ndugu, ilhali rejista ilionyesha bado ni mali ya marehemu. Maadamu jina lililoko ni la marehemu, warithi si wamiliki wenza. Wanachosubiri ni mgawo wa mirathi, na anayepinga hupelekwa mbele ya mahakama ya mirathi, wakati msimamizi anapoomba usimamizi wake uthibitishwe na kila mrithi aandikiwe fungu lake. Kesi ya kugawa ardhi kati ya wamiliki wenza huja baadaye, majina ya warithi yakishaingia kwenye rejista.

Hapo ndipo sisi tulipofanya kosa letu la kwanza, ingawa hatukulijua. Usimamizi ulipothibitishwa mwaka wa 2013, cheti kiliandika kwamba shamba linakwenda kwa watoto wote wanne "kwa hisa sawa", na hakikusema nani anachukua upande upi. Sheria ya Urithi ya Kenya haimtofautishi mtoto wa kike na wa kiume, kwa hiyo kila mmoja alipata robo. Tulifurahi. Lakini robo ya shamba zima si sawa na ekari tatu unazoweza kuzizungushia ua. Ni haki iliyotandazwa juu ya kila hatua ya ardhi ile, na wenzako wana haki kama hiyo juu ya hatua hizo hizo. Kama wakati ule tungemleta mpimaji, tukachora ramani na kuiambatisha kwenye ombi la uthibitisho, hakimu angeweza kutupa kila mmoja kipande chake moja kwa moja. Kwa kuwa hatukufanya hivyo, mwaka wa 2015 tuliandikishwa sote wanne kwenye hati moja, na hati hiyo ikakaa kwa kaka.

Kabla ya hatua yoyote, chukua nakala rasmi ya rejista katika ofisi ya ardhi na usome jinsi majina yalivyoandikwa. Kuna umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake na akifa fungu hilo linakwenda kwa warithi wake. Na kuna umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo anayekufa huwaachia waliobaki. Kwa bahati njema, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba hati ya uhamisho ikinyamaza juu ya jambo hili, wamiliki huchukuliwa kuwa wana hisa, tena zilizo sawa. Rejista yetu iliandika robo kwa kila mmoja. Nakala ile niliibeba kwenye mkoba kwa miaka saba.

Watu wengi hushauriwa kuuza fungu lao kwa mtu wa nje na kuondoka zao. Sheria hiyo hiyo imefunga njia hii kwa busara: mwenye hisa hawezi kumpa mtu asiye mmiliki mwenzao fungu lake bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Na hata idhini ikipatikana, ni nani atakayelipa bei nzuri kwa robo isiyo na mpaka, kwenye shamba ambalo tayari lina mwenyeji mkali?

Njia iliyobaki kwetu ilikuwa kifungu cha 94 cha sheria hiyo. Wamiliki wote wakikubaliana, hupeleka ombi kwa Msajili wa Ardhi na shamba hugawanywa kama walivyopatana. Wasipokubaliana, mmoja au zaidi wanaweza kuomba bila ridhaa ya wengine, na Msajili atawasikiliza wanaotaka kusikilizwa kisha aamue. Wakili wetu alisisitiza tuanzie hapo badala ya kukimbilia mahakamani, kwa sababu kifungu kinamtaja Msajili, na kaka angeweza kusema tumeruka hatua. Tulipeleka ombi mwaka wa 2016. Kaka aliitwa mara mbili na hakufika. Mwishoni tuliandikiwa barua kwamba mgogoro ni mzito na unafaa kuamuliwa na mahakama. Barua ile ilinikatisha tamaa, lakini wakili aliipokea kama mtu aliyepewa zawadi, kwa kuwa ilithibitisha kwamba tulikuwa tumebisha mlango wa kwanza. Mwaka wa 2017 tukafungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizi ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na Hakimu Mkuu, na kwa familia iliyo mbali na mahakama kubwa jambo hilo hupunguza nauli na siku za kusafiri.

Mambo anayopaswa kuyapima mwamuzi yameandikwa katika kifungu hicho hicho. Ataangalia aina ya ardhi na mahali ilipo, idadi ya wamiliki na ukubwa wa mafungu yao, nani aliyegharamia kuiendeleza, kama kuna mke au mtegemezi atakayeachwa bila makao, na taabu ya anayeomba ikilinganishwa na taabu ya anayepinga. Mshtakiwa mwenye busara hujitetea kwa mambo haya. Kaka hakuzungumzia lolote kati ya hayo katika majibu yake ya kwanza. Aliandika kwamba mila hairuhusu na kwamba makaburi ya wazazi yapo pale. Jaji alimsikiliza kwa heshima kubwa, kisha akamwuliza kitu kimoja tu: "Ukipewa robo yako penye nyumba yako, utapoteza nini?" Kaka alikaa kimya kwa muda mrefu. Baadaye alisema atapoteza mfereji.

Nilimwelewa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Alikuwa akilima ndizi na nyanya kwenye ekari zote nne za chini kwa miaka tisa, na ndizo zilizosomesha watoto wake. Kukataa kwake, alikokuita heshima kwa baba, kulikuwa pia hofu ya mkulima anayeona maji yakimtoka. Sisemi hivi kumtetea, maana sisi watatu hatukupata hata mkungu mmoja wa ndizi katika miaka hiyo. Tuliomba pia atulipe sehemu ya mapato, na ombi hilo likakataliwa. Mmiliki mwenza anayetumia ardhi yake si mvamizi, na sisi hatukuwa na barua wala shahidi wa kuonyesha kwamba tulitaka kulima akatuzuia. Siku zote tulilalamika kwa simu.

Mwaka wa 2018 dada yetu alifariki. Sikuwa na moyo wa kufikiria kesi, na karibu tuipoteze kwa sababu hiyo. Mlalamikaji anapofariki, Kanuni za Mwenendo wa Madai zinatoa mwaka mmoja wa kumwombea mwakilishi wake aingie badala yake. Muda huo ukipita bila ombi, kesi kwa upande wake huanguka. Fungu lake lilikuwa la hisa, kwa hiyo halikuja kwetu, bali lilikwenda kwa watoto wake wawili, nao hawakuwa na mamlaka yoyote mahakamani mpaka mmoja wao apate usimamizi. Wakili alimwombea mpwa wangu mkubwa usimamizi mdogo wa kuendeshea kesi pekee, ambao hupatikana upesi kuliko ule kamili, na jina lake likaingizwa mwezi wa kumi baada ya mazishi. Kama una wazee katika kesi ya namna hii, weka tarehe ya kifo chochote kwenye kalenda siku hiyo hiyo.

Kesi ilipelekwa kwanza kwenye usuluhishi ulio chini ya mahakama, ikarudi bila mapatano. Ndipo Jaji akatoa hukumu ya awali: kila upande una robo, mgawanyo ufanyike, na mpimaji mwenye leseni pamoja na mthamini watembelee shamba na kuleta ripoti. Watu wengi husherehekea hapo. Hukumu ya awali hutamka haki tu, wala haichori mpaka. Mpaka hutokana na ripoti, na ripoti yetu ndiyo sehemu ya kesi ninayotamani kila mtu angeielewa.

Mpimaji alitenga kwanza ekari 0.6 kwa ajili ya njia ya mita 6 inayofika kila kipande, pamoja na eneo la makaburi. Zikabaki ekari 12 kamili. Mdogo wangu alifikiri kazi imekwisha: ekari tatu kila mtu. Lakini mthamini alizitazama kama ardhi mbili. Ekari 4 za mferejini alizikadiria shilingi 1,500,000 kila moja, jumla milioni 6. Ekari 8 za juu alizikadiria shilingi 600,000 kila moja, jumla milioni 4.8. Shamba lote likawa milioni 10.8, na robo yake ni milioni 2.7. Nyumba ya kaka haikuhesabiwa katika thamani hiyo, kwa kuwa aliijenga mwenyewe kwa fedha zake.

Pendekezo la kwanza lilikuwa vipande vinne virefu vinavyoanzia mferejini kupanda juu, kila kimoja kikiwa na ekari 1 ya maji na 2 kavu, ambazo thamani yake ni milioni 2.7 barabara. Kwenye karatasi lilipendeza. Ardhini, mpaka wa pili ulipita katikati ya nyumba ya kaka na kukata zizi lake. Mpimaji akapanua kipande chake huko chini na kukifupisha huko juu: ekari 1.4 za maji, thamani milioni 2.1, na ekari 1 kavu, shilingi 600,000. Bado ni milioni 2.7, ingawa sasa ana ekari 2.4 tu. Sisi wengine tulibaki na ekari 2.6 za maji na 7 kavu, yaani milioni 8.1, ambazo ukizigawa kwa tatu zinarudi milioni 2.7 kwa kila mmoja, juu ya ekari 3.2. Kaka, aliyesema hataki hata inchi ikatwe, sasa alilalamika kwamba amepewa ekari chache. Jaji alimweleza kwamba robo yake ni ya thamani, na kwamba akitaka ekari tatu kamili atapunguziwa maji. Hakutaka.

Kama vipande visingeweza kulingana, mahakama ingeweza kumwamuru aliyepata zaidi awalipe wenzake fidia ya kusawazisha. Na kama shamba lisingegawika kabisa, tungeingia katika kifungu cha 95, ambacho kinahusu mauzo. Chukua ploti ya mjini ya futi 50 kwa 100 yenye warithi wanne na nyumba moja katikati. Ni futi 5,000 za mraba, na robo yake ni 1,250, kipande ambacho ni vigumu kaunti kukiidhinisha, tena kisicho na njia. Hapo ardhi na hisa huthaminiwa na amri ya kuuza inaweza kutolewa, lakini mmiliki mwenza ana haki ya kuinunua, mnadani au kwa mapatano. Kwa anayeishi humo hili ndilo jambo la kushikilia: aombe apewe muda, tuseme siku 90, awalipe wenzake mafungu yao kwa bei ya mthamini. Mnada wa hadhara mara nyingi huleta bei iliyo chini ya hiyo, na hasara huwaangukia wote, pamoja na yule aliyeng'ang'ania kuuza.

Hukumu yetu ya mwisho ilitoka mwaka wa 2020, na hapa ndipo tulipofanya kosa la pili. Amri iliyochapwa ilisema shamba ligawanywe "kulingana na ripoti ya mpimaji" na haikuongeza kitu. Mpimaji alipokwenda kuweka bikoni, kaka alifunga lango. Alipoandaa fomu ya mutesheni, ile inayoonyesha namba ya zamani ikizaa namba mpya, ilihitaji saini ya wamiliki wote, na kaka hakutia yake. Ofisi ya ardhi ilitaka hati halisi, nayo ilikuwa kabatini kwa kaka. Kisha tukagundua ameweka kaushen kwenye rejista, ambayo inazuia usajili wowote mpaka iondolewe. Tulikuwa tumeshinda, na hatukuweza kusogeza hata kigingi kimoja.

Ilitubidi kurudi mahakamani kwa ombi jingine, na lilituchukua miezi minane. Safari hii wakili aliandika kila kitu kwa jina lake: Naibu Msajili wa Mahakama atie saini kila hati badala ya mshtakiwa, jambo ambalo kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaruhusu, Msajili wa Ardhi asajili bila kuletewa hati halisi, kaushen iondolewe, mpimaji aingie shambani akiwa na ulinzi wa polisi wa kituo cha karibu, na ramani ya mgawanyo iambatishwe kwenye amri yenyewe ili pasiwe na ubishi ni ripoti ipi. Laiti haya yote yangekuwamo katika hukumu ya kwanza. Mwombe wakili wako akuonyeshe rasimu ya amri kabla haijatiwa muhuri, uisome ukijiuliza kila wakati: mwenzangu asipofanya hivi, nani atafanya badala yake?

Amri ya mahakama haikutuondolea hitaji la idhini nyingine. Ilibidi kaunti iidhinishe mpango wa mgawanyo, na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo tulikwenda pia mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kwa kawaida bodi huwataka wamiliki wote wafike wenyewe. Tulifika wawili pamoja na mpwa wetu, tukiwa na amri na fomu iliyosainiwa na Naibu Msajili, na wazee wa bodi waliuliza maswali machache kuhusu njia na maji kisha wakapitisha. Swali la maji lilikuwa la haki, kwa sababu kipande cha mdogo wetu kinapata maji kupitia kipande cha kaka. Mpimaji alikuwa ameuonyesha mkondo huo kwenye ramani, na haki ya kupitisha maji ikaandikwa kwenye rejista ya kipande cha kaka, ili hata akiuza, mnunuzi asiweze kuuziba. Maji ya mrithi mmoja yakipitia kwenye sehemu ya mwenzake, usiiache haki hii ibaki maneno ya mdomo.

Siku ya bikoni polisi wawili walikuja na kukaa chini ya mwembe. Kaka hakutoka nje. Wifi yetu alituletea chai kwenye birika lile lile la mama, akatuwekea vikombe bila kusema neno, akarudi ndani. Mpwa wangu alisimama mahali ambapo kipande cha mama yake kinaanza, akapiga picha ya kigingi, akamtumia mdogo wake aliyeko Mombasa.

Hati nne mpya zilitoka mwaka wa 2022 na ile ya zamani ikafutwa. Nilichukua yangu na mdogo wetu akachukua yake. Ile ya fungu la dada inasubiri mirathi yake ikamilike. Hati ya kaka ilitoka kwa jina lake peke yake, ekari 2.4, na ofisi haiwezi kumpa mtu mwingine bila yeye kuiruhusu. Kila nikienda Taveta hupita kumsalimia, naye hunikaribisha, na tunazungumza habari za mvua na bei ya ndizi. Hati yake bado iko pale ofisini. Hajakwenda kuichukua.